Salio la Mtu Mwingine

Kache ni hifadhi ya muda. Ukurasa wa tovuti ukishatengenezwa, nakala yake huwekwa kando ili anayeuomba baadaye apewe nakala hiyo, seva kuu isihangaike kuutengeneza upya. Nakala inaweza kukaa kwenye kivinjari cha mtu mmoja, au kwenye seva ya kati inayohudumia watu wote. Kwa picha au ukurasa wa matangazo, unaofanana kwa kila msomaji, utaratibu huu huipunguzia seva mzigo mkubwa. Hatari huanza pale seva ya kati inapohifadhi ukurasa ambao kila mtu ana wake.

Kisa kifuatacho ni cha kubuni, lakini hitilafu yenyewe ni ya kweli. Chama cha akiba na mikopo kinatarajia kufungua tovuti yake asubuhi, ili wanachama waone salio lao kwa simu. Usiku wa kuamkia siku hiyo, msanidi programu aliyeajiriwa karibuni anafanya jaribio la mwisho. Anaingia kwa akaunti moja ya majaribio kwenye kompyuta, kisha kwa akaunti ya pili kwenye simu. Simu inamwonyesha jina na salio la akaunti ya kwanza.

Anaanza kwa kushuku hifadhidata, ila humo kila salio lipo kwa mwenyewe. Dakika chache baadaye anafungua tena ukurasa uleule kwenye simu, na sasa taarifa ni sahihi. Kosa linalojiondoa lenyewe baada ya muda, bila mtu kugusa kitu, ni dalili kubwa ya kache. Anarudia jaribio, na safari hii anasoma vichwa vya jibu, yaani maelezo ambayo seva huyatanguliza kabla ya ukurasa wenyewe:

```
Cache-Control: public, max-age=300
Age: 212
X-Cache: HIT
```

Mstari wa kwanza unaruhusu seva yoyote ya kati kuhifadhi ukurasa na kuutoa kwa sekunde 300, yaani dakika tano. Wa pili unasema nakala hii ina umri wa sekunde 212. Wa tatu unathibitisha kwamba jibu limetoka kwenye kache, wala halikufika seva kuu. Seva ya kati huitambua nakala kwa anwani ya ukurasa, na anwani ya ukurasa wa salio ni moja kwa wanachama wote. Kwa hiyo anayeufungua kwanza ndiye ambaye salio lake litaonekana kwa wengine kwa dakika tano.

Chanzo ni amri moja, iliyowekwa siku chache kabla ili kuongeza kasi, iliyotumika kwenye kurasa zote bila kubagua. Majaribio ya awali hayakuinasa kwa sababu kompyuta za wasanidi hazikuwa na seva ya kati, na kila mpimaji alitumia akaunti moja. Kanuni za HTTP zina kinga, lakini ina mipaka: jibu la ombi lenye kichwa cha `Authorization` halipaswi kuhifadhiwa na kache ya pamoja pasipo ruhusa ya wazi. Tovuti nyingi, hii ikiwemo, humtambua mtumiaji kwa kidakuzi, ambacho hakina kinga hiyo.

Tiba ni kubadili amri kwa kurasa zote za baada ya kuingia:

```
Cache-Control: private, no-store
```

Neno `no-store` linakataza kuhifadhi kabisa. Wengi hukosea wakaandika `no-cache`, ambalo huruhusu nakala kuhifadhiwa mradi seva kuu iulizwe kabla ya kuitumia tena. Mpangilio wa hatua nao una maana. Amri hurekebishwa kwanza, ndipo nakala za zamani hufutwa kwenye seva ya kati. Zikifutwa kabla, mgeni wa kwanza ataijaza kache upya kwa kosa lilelile. Msanidi anamaliza kwa kurudia jaribio la akaunti mbili, akihakikisha `HIT` haionekani tena kwenye ukurasa wa salio, huku picha zikiendelea kutoka kwenye kache.

Hitilafu ya aina hii iliwahi kuipata Steam, duka la michezo ya kompyuta la kampuni ya Valve, tarehe 25 Desemba 2015. Tovuti ilikuwa ikishambuliwa kwa maombi mengi ya makusudi, na katika kukabiliana na shambulio hilo uliwekwa mpangilio wa kache uliohifadhi kimakosa kurasa za watumiaji walioingia. Kwa takriban saa moja na nusu, baadhi ya watu waliona kurasa za akaunti za wengine, nyingine zikiwa na anwani za barua pepe. Valve ilikadiria kuwa watumiaji wapatao 34,000 waliguswa.