Fahamu: Kwa nini Goma husema "batu benye balikimbia"?

Tangu M23 iutwae mji wa Goma mwezi Januari 2025, sauti za wakazi wake zimesikika sana redioni. Msikilizaji wa Dar es Salaam aliyezoea "watu waliokimbia" husikia "batu benye balikimbia".

Misemo yote miwili ina kishazi rejeshi, yaani maneno yanayobainisha ni watu gani wanaozungumziwa. Kiswahili sanifu hupachika kirejeshi ndani ya kitenzi au hutumia "amba-". Goma hutumia "-enye". Katika Kiswahili sanifu "-enye" hufuatwa na nomino, kama "mwenye duka". Huko Goma inaweza kufuatwa na sentensi nzima: "mutu mwenye niliona".

Je, katika lugha za dunia kila nafasi ya nomino katika sentensi hurejeshwa kwa urahisi uleule? Mwaka 1977 Edward Keenan na Bernard Comrie walipendekeza ngazi: kiima ndicho chepesi zaidi, hufuata yambwa, na mmiliki yuko karibu na mwisho. Kimalagasi kwa kawaida hurejesha kiima tu. Kikitaka kurejesha yambwa, hubadili kauli ya kitenzi ili yambwa hiyo iwe kiima kwanza.

Kiswahili sanifu hushuka zaidi, lakini kwa kubadili mbinu. Kiima: "mama aliyekimbia". Yambwa: "mama niliyemwona". Kwa mmiliki, kirejeshi cha ndani ya kitenzi hakifiki, hivyo tunasema "mama ambaye nyumba yake ilibomolewa". "Yake" hubaki ili msikilizaji ajue nyumba ni ya nani. Ukiiondoa, uhusiano wa mama na nyumba hupotea.