Hotuba ya diploma: fasi ya kupumua

Siku ya kugawa diploma Baraka, mzazi mmoja anachaguliwa aseme kwa jina la wenzake. Mara mingi ni mchimbaji. Anaandika hotuba usiku, anaisoma kimoyomoyo, anaona iko sawa. Mbele ya mikro pumzi inakatika katikati ya neno. Ju macho haipumui. Kifua njo kinapumua.

Siye wa sendika, wazazi wakituletea karatasi, tunawaambia kwanza: simama, soma kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. Fasi pumzi inaisha, tia alama. Tuchukue mfano wa sentensi hii:

"Siye wazazi wachimbaji tuliotoka Misisi na Fizi kuja hapa Baraka kuona watoto wetu wakipokea diploma tunashukuru walimu waliovumilia wakati mishahara yao ilichelewa na tunawaambia watoto wasisahau kwamba hatukulipa feza ya shule kwa sababu tulikuwa na feza nyingi."

Ni maneno 37, pumzi moja. Na mwisho wake kuko hatari. Msomaji akipumzika baada ya "shule", watu watasikia: hatukulipa, ju tulikuwa na feza nyingi! Baba aliyeshinda ndani ya shimo miaka 6 ili mtoto amalize sekondari, anajitia haya mwenyewe mbele ya walimu.

Kuweka alama hapo haitoshi. Mtu akiogopa mikro anasahau alama. Sentensi ambayo maana yake inategemea pumziko moja tu, iandike upya. Tunatumia mstari mmoja (/) kwa kusimama kidogo, na miwili (//) kwa kuvuta pumzi kabisa:

Siye wazazi wachimbaji / tumetoka Misisi, / tumetoka Fizi. //
Tumekuja Baraka / kuona watoto wetu / wakipokea diploma. //
Walimu, / mulivumilia wakati mshahara ulichelewa. / Aksanti. //
Watoto, / tulilipa feza ya shule. //
Haikuwa ju tulikuwa na feza nyingi. / Tulilipa ju tulitaka musome. //

Sasa hata akisimama fasi mbaya, maana haigeuki. Angalieni tena: hakuna mstari katikati ya "feza" na "ya shule". Maneno yanayoshikana na "ya", "wa" ao "cha" musiyatenganishe. Msikilizaji atabaki anangoja: feza ya nini?

Baada ya "Aksanti" watu watapiga makofi. Mistari miwili pale maana yake ni kungoja mpaka yatulie, kama sivyo neno "Watoto" litapotea.

Kila pumzi iwe na mstari wake kwenye karatasi, maandishi makubwa, na sentensi isivuke ukurasa. Kisha mpe mtoto karatasi ile asome kwa sauti, ye ambaye hakuiandika. Fasi atakwama, njo kazi bado iko.