Msimbo Hufutwa Mwisho

Tarehe 11 Desemba 2018 kivinjari cha Firefox kilitoa toleo la 64, na ndani yake kitu kimoja hakikuwamo tena. Ni alamisho hai, huduma iliyokuwapo tangu toleo la kwanza mwaka 2004. Ukiweka alamisho hai ya gazeti, ilifunguka kama folda yenye vichwa vya habari vinavyojisasisha vyenyewe. Waliokuwa wakiitumia walikuwa wachache mno, na msimbo wake wa zamani uligharimu kazi nyingi kuutunza na kuulinda. Mozilla ikaamua kuiondoa.

Mtu wa nje hudhani kuondoa ni kufuta tu. Kwa mtengenezaji programu, huo ni mradi mzima unaogawanywa katika tiketi, yaani maelezo mafupi ya kazi moja moja, kila moja ikiwa na mtu wa kuishughulikia. Mozilla hutumia mfumo wa tiketi uitwao Bugzilla. Hufunguliwa tiketi mama, kisha tiketi ndogo huunganishwa nayo kwa sehemu iitwayo `Depends on`, kuonyesha kwamba hii haiwezi kufungwa kabla ya ile. Nionavyo mimi, muunganiko huo ndio wenye thamani kuliko maelezo ya tiketi yoyote, maana mpangilio wa kazi ukikosewa, mtumiaji ndiye anayepoteza mali yake.

Tazama data zilivyokaa. Kila alamisho hai ilihifadhiwa kwenye kompyuta ya mtumiaji, katika faili la `places.sqlite`, kama folda yenye kidokezo cha ndani kiitwacho `livemark/feedURI`. Kidokezo hicho ndicho kilichobeba anwani ya habari zenyewe. Msimbo unaokielewa ukiondolewa kwanza, folda itabaki tupu. Anwani itakuwa bado imo ndani ya faili, lakini mwenyewe hana njia ya kuiona wala kuitoa. Kwa hiyo kabla ya kufuta iliandikwa sehemu ndogo ya kuhamisha. Ilikusanya anwani zote na kuziweka katika faili la OPML, ambalo programu nyingine za kusomea habari hulifungua, ikalihifadhi mahali mtumiaji angeliona. Kisha ikageuza kila alamisho hai kuwa alamisho ya kawaida inayoelekea kwenye tovuti husika. Mtumiaji naye alifunguliwa ukurasa wa kumweleza kilichotokea na faili lake liko wapi.

Tangazo, basi, halikuishia kwenye maelezo ya toleo, ambayo wengi hawayasomi. Lilimfikia yule aliyeguswa, wakati alipoguswa, likiwa na njia mbadala. Tiketi ya tangazo isiyosema nani ataliona, wapi, na afanye nini baadaye, bado haijawa tayari.

Ugumu mwingine ni watu wanaochelewa kusasisha. Mashirika mengi yalikuwa kwenye toleo la 60 la muda mrefu, ambalo liliendelea kuwa na alamisho hai. Mtu wa namna hiyo anaweza kuruka matoleo kadhaa kwa siku moja. Ikiwa sehemu ya kuhamisha imekwisha kuondolewa, alamisho zake hazitaokolewa. Ndiyo maana sehemu hiyo hubaki ndani ya programu baada ya huduma yenyewe kuondoka, na huwekewa tiketi yake ya kufutwa baadaye.

Data zinapokuwa kwenye seva za kampuni, tiketi ya ufutaji huwa nzito zaidi. Kwanza huzimwa njia ya kuandika data mpya, ama sivyo utafuta huku zikiingia nyingine. Kisha watumiaji hupewa muda wa kuchukua zao. Baada ya hapo hufutwa jedwali lenyewe, na pia nakala zake: zile za ripoti, kumbukumbu za seva, na chelezo. Chelezo kwa kawaida haichambuliwi mstari kwa mstari, bali huachwa iishe muda wake. Hivyo tiketi inapaswa kutaja muda huo, na kubaki wazi mpaka upite. Hatari iliyojificha hapa ni kurejesha chelezo ya zamani kwa sababu nyingine kabisa, data zilizofutwa zikarudi nayo. Dawa yake ni kuandika ndani ya tiketi kwamba baada ya kila urejeshaji, ufutaji urudiwe.

Msimbo huja nyuma ya hayo yote. Jina analoliona mtumiaji mara nyingi silo lililomo ndani. Alamisho hai ziliitwa `livemark`. Anayekagua mabaki hana budi kutafuta jina la ndani:

```
grep -rni livemark .
```

Majibu huonyesha majaribio yaliyosahauliwa, tafsiri za menyu, marejeo ya picha, na mipangilio isiyosomwa na yeyote. Si kila kinachoonekana hufutwa palepale: sehemu ya kuhamisha bado inalihitaji jina hilo, na kifaa cha zamani kilichounganishwa kwenye akaunti moja kinaweza kuleta rekodi za aina hiyo. Lazima msimbo uliobaki uweze kuzitambua ili usizipokee. Mabaki hayo huandikiwa tiketi zake, nayo tiketi mama haifungwi kabla yake.