Je, Wajua? Mbwa Anaweza Kumwambia Daktari "Ngoja"

Mkufunzi Chirag Patel wa Uingereza alibuni mchezo wa ndoo wa kumzoesha mbwa kuchunguzwa. Kindoo chenye vipande vya nyama huwekwa mbele ya mbwa. Akikikazia macho, mkono wa mkufunzi unasogea taratibu kuelekea sikio lake, kisha anapewa kipande. Akitazama kando, mkono unarudi papo hapo. Ajabu ni kwamba mbwa anayejua anaweza kusimamisha uchunguzi mara nyingi huuacha uendelee.

Kifunga mdomo cha kumvalisha kwa daktari nacho hakivalishwi kwa nguvu. Mbwa huingiza pua mwenyewe, akifuata chakula kilichopakwa ndani. Mikanda hufungwa baadaye kabisa. Chagua cha kikapu, kwani humwacha aheme kinywa wazi na kunywa maji.

Akikaza mwili au kulamba midomo bila kula, umeharakisha. Rudi hatua moja.