Jenereta Inawaka Fiti Lakini Stima Inalegea? Soma Hii Kabla Fundi Akuuzie AVR

Stima imepotea mtaani, umevuta kamba ya jenereta, imenguruma mara moja tu. Taa ya kinyozi iko sawa, simu zinachaji. Alafu mteja anataka nywele zikaushwe, unachomeka draya, na ghafla taa inakuwa rangi ya chungwa, mashine ya kunyoa inaanza kulia ka mbu. Ukichomoa draya, kila kitu kinarudi poa.

Hapo ndio wasee wengi hupigwa. Fundi anakuja, anaangalia sekunde mbili, anasema "hiyo ni AVR," unatoa doo, na kesho ngori ni ile ile. Ukweli ni kwamba hiyo dalili moja inaweza toka pande tatu tofauti: injini, AVR, ama kapasita. Na kuna namba moja inazitenganisha kabla ufungue hata nati moja.

Hiyo namba ni Hz. Jenereta nyingi ndogo za petroli lazima zizunguke mara 3,000 kwa dakika ndio zitoe 50 Hz. Hz inafuata mwendo wa injini peke yake. AVR haiwezi kuibadilisha, kapasita pia haiwezi. Kwa hivyo ukiona volti zimeanguka, swali la kwanza ni: je, Hz imeanguka nazo?

Tafuta multimita yenye inasoma volti na Hz. Pima kwa soketi ya jenereta ikiwa haina mzigo wowote. Inafaa kuwa karibu 240 V, na Hz iwe juu kidogo ya 50, tuseme 52. Alafu weka mzigo wenye unajua uzito wake. Pasi ya nguo ya 1,000 W ni poa sana juu haina mota ndani. Friji ama pampu itakudanganya, juu mota ikianza huvuta stima mara kadhaa ya ile imeandikwa kwa kibandiko.

Sasa tuchukue jenereta ya 2,000 W ya kinyozi na tuipime.

Stori ya kwanza: Hz inaanguka. Bila mzigo unaona 240 V na 52 Hz. Ukiweka pasi, inakuwa 165 V na 41 Hz, na injini inasikika imechoka ka mtu anapanda mlima na gunia. Jenereta ya 2,000 W haifai kuchoka na pasi ya 1,000 W. Hiyo ni injini, wacha AVR pekee yake.

Jaribu hii: pasi ikiwa bado imechomekwa, vuta choki pole pole hadi nusu. Ikiwa injini inapata nguvu na Hz inapanda, inamaanisha petroli haifiki ya kutosha. Mara nyingi ni jeti kubwa ya kabureta imeziba, juu petroli ilikaa ndani miezi ikawa ka gundi. Bila mzigo injini inakunywa kidogo, ndio maana huko haikuonyesha shida. Osha kabureta, safisha ile jeti, umemaliza.

Ikiwa choki inaifanya iwe mbaya zaidi na inatoa moshi mweusi, angalia upande wa hewa. Filta imejaa vumbi, ama choki yenyewe haifunguki yote. Alafu cheki mkono wa gavana, ule unavuta kabureta ifunguke mzigo ukiingia. Mzigo ukiwekwa na huo mkono hausongi, umekwama ama springi imechoka. Ikiwa kabureta imefunguka yote, petroli na hewa ziko sawa na bado haina nguvu, hapo ni mambo ya valvu na kompresheni. Hiyo sasa peleka kwa fundi wa injini.

Stori ya pili: Hz inabaki, volti zinaanguka. Ukiweka pasi unaona 140 V lakini Hz bado iko 50 na kitu. Injini haionyeshi imechoka, juu hata hiyo pasi haivuti stima ya maana. Hapo sasa shida iko upande wa stima, na lazima ujue jenereta yako ni ya aina gani. Zima, fungua kifuniko cha nyuma. Ukiona kiboksi kina waya kadhaa na brashi mbili za kaboni zikigusa ringi za shaba, hiyo ni ya AVR. Ukiona kimkebe kimeandikwa µF na hakuna brashi, hiyo ni ya kapasita. Zile ndogo za chini ya 1,000 W nyingi ni za kapasita.

Kwa ya AVR, kazi ya hicho kiboksi ni kupeleka stima kwa rota kupitia brashi. Mzigo ukiongezeka, AVR inaongeza. Kwa hivyo anza na brashi kabla ya kununua kitu chochote. Brashi ikiisha ama ringi zikiwa nyeusi, stima kidogo inapita vizuri lakini ile nyingi ya wakati wa mzigo inakwama. Safisha ringi na msasa laini kabisa, badilisha brashi zikiwa fupi, pima tena. Ikiwa brashi zinagusa vizuri, waya hazijalegea na volti bado zinaanguka, sasa AVR ndio mshukiwa wa kwanza. Usikimbilie ile skrubu ndogo juu ya AVR. Inapandisha volti za bila mzigo, haiponyi AVR imechoka. Utaskuma hadi 270 V, alafu mtu achomoe draya na tivi iungue.

Kwa ya kapasita, dalili ina tofauti moja muhimu: kapasita ikichoka, volti huwa chini hata bila mzigo. Utaona tuseme 190 V na 52 Hz kabla uchomeke kitu, alafu mzigo unaimaliza. Zima injini, toa moto uliobaki kwa kapasita kwa kuigusisha balbu ya zamani ya waya, alafu pima µF. Ikiwa imeshuka zaidi ya asilimia 10 ya ile imeandikwa, badilisha. Weka µF ile ile, na volti zile zile ama zaidi. Usiweke kubwa ati ndio ipate nguvu, juu volti zitapita na rota itaungua. Kapasita ikipima sawa na volti bado ziko chini, mshukiwa anayefuata ni daiodi ya kwa rota.

Kuna mtego mmoja hapa. AVR inaweza ficha injini mgonjwa kwa muda: Hz imeshuka hadi 46 na volti bado ziko 240. Ya kapasita haifichi kitu. Injini ikipoteza mwendo kidogo tu, volti zinaporomoka haraka. Ndio maana mwenye jenereta ya kapasita akinunua kapasita mpya bila kuangalia Hz, mara nyingi anatupa pesa.

Hizi vipimo fanyia nje. Moshi wa jenereta una gesi haina harufu na inaua mtu ndani ya chumba, hata mlango ukiwa wazi. Na fundi akikuja akisema "hiyo ni AVR," muulize swali moja tu: Hz ilikuwa ngapi na mzigo?