VOCHA YA NUSU BEI NA AHADI YA KUPITA

Habari hii inawahusu zaidi wanafunzi wa informatike, wanaowaza kufanya ekzameni za ordinatere za CompTIA nyuma ya diploma. Siku hizi kwenye vikundi vya WhatsApp watu wanauzisha vocha za ekzameni hizo kwa nusu ya bei. Wengine wanaongeza: «Utapita tu, hakuna kuanguka.» Inafaa tujue feza inapotelea wapi.

Tuanze na vocha yenyewe. Si karatasi yenye muhuri, ni kode tu. Unafungua konti kwa Pearson VUE, wale wanaofanyisha ekzameni, unachagua siku, na pale pa kulipa unaandika kode. Kama ni nzima, deni linashuka mpaka sifuri. Ekzameni ya A+ iko na sehemu mbili, na kila sehemu inaomba vocha yake. Mwaka 2024, kule Amerika, vocha moja ilipita dola 240. Kwa hiyo mutu akikuambia dola 120, moyo unaruka.

Lakini muuzaji alipata wapi kode ile? Mara nyingine ni kode moja anayoiuzisha watu kumi. Anayeiandika wa kwanza anapata nafasi, wale tisa wanaambiwa kode imekwisha kutumiwa. Mara nyingine ni vocha ya bei ya wanafunzi, ao ya inchi ingine, isiyoruhusiwa kwako. Na mara nyingine ilinunuliwa kwa karte ya benki ya kuibiwa. Hii ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, sababu mwanzoni inatumika vizuri kabisa.

Tuseme mwanafunzi mumoja ametuma dola 120 kwa telefone. Anaandika kode, deni linakuwa sifuri, siku inapangwa. Anafurahi, anawaambia na rafiki zake. Lakini kule mbali mwenye karte anaona feza yake imetoka, anashitaki kwa benki, na benki inairudisha kwake. Sasa vocha ile ni kama haikulipiwa, na inaweza kufutwa. Kama mwanafunzi hajafanya ekzameni, siku yake inavunjika. Kama amekwisha kuifanya na akapita kwa akili yake mwenyewe, matokeo yanaweza kufutwa vilevile. Muuzaji amekwisha kubadilisha namba ya telefone. Basi, deni kuwa sifuri haionyeshi kwamba vocha ni safi. Inaonyesha tu kwamba siku ile kode ilikuwa haijafungwa.

Sasa ile ahadi ya kupita. Kuna bima moja ya kweli: CompTIA yenyewe inauzisha vocha yenye ruhusa ya kurudilia ekzameni mara moja ukianguka. Haisemi utapita, inasema utajaribu tena. Ile ya barabarani ni ingine. Muuzaji anaomba neno lako la siri na picha ya karte yako ya utambulisho, kisha mutu mwingine anajibu kwa jina lako, ao anaingia katika ordinatere yako kutoka mbali. Ama anakuuzia maulizo, kama wale wanaouzisha «itemu» wakati wa Ekzameni ya Serikali.

Wenye ekzameni wanatazama sura na karte, tena wanachunguza namna majibu yalivyotolewa: mwendo wa haraka usio wa kawaida, ama majibu yanayofanana na ya watu wengine. Wakikamata, adhabu inamwangukia mwenye jina, si muuzaji. Matokeo yanafutwa, hati ulizopata zamani zinaweza kunyanganywa, na unaweza kukatazwa kufanya ekzameni zao kwa muda, hata kwa daima. Na yule muuzaji anabaki na neno lako la siri na picha ya karte yako. Kesho anaweza kukuomba feza zaidi ili asikushitaki.

Basi tufanye namna gani? Vocha inunuliwe kwa CompTIA yenyewe ao kwa wauzaji ambao majina yao yameandikwa kwenye mtandao wa CompTIA. Andika anwani ile kwa mukono wako, usifuate ile uliyotumiwa. Punguzo la kweli kwa wanafunzi liko, lakini wanaomba ushuhuda kwamba unasoma. Muuzaji asiyeuliza hata unasoma wapi, huyo muepuke. Uchunge risiti yenye jina lako. Neno la siri usimpe mutu, hata ndugu.

Na usinunue mapema sana. Kwa kawaida vocha inadumu miezi 12, na ikipita muda feza hairudi. Usome kwanza, ujipime, kisha ulipe.