Majina mawili, mtu mmoja

Mkutubi wa maktaba ya mtaa alinigeuzia kompyuta yake nione. Kushoto kulikuwa na safu ya majina ya waandishi kutoka orodha ya maktaba yenyewe, kulia safu ya waandishi wa vitabu walivyopewa msaada. Kazi ilikuwa kujua ni nani tayari yumo. Aliiambia Excel ilinganishe, nayo ikamwambia kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o hayumo kwenye maktaba ile. Rafu zima la vitabu vyake lilikuwa nyuma ya kiti chake.

Tukayatazama majina yenyewe. Safu ya kushoto ilikuwa na `Ngũgĩ wa Thiong'o`. Ya kulia ilikuwa na `NGUGI WA THIONG’O`, na chini yake, kutoka katalogi nyingine, `Ngũgĩ wa Thiongʼo, 1938-`. Mtu akisoma anamwona mwandishi mmoja mara tatu. Kompyuta haisomi, inalinganisha namba, kwa kuwa kila herufi na kila alama ina namba yake katika mfumo uitwao Unicode, na namba moja ikitofautiana jina zima linahesabiwa kuwa jingine.

Herufi kubwa na ndogo hazikuwa tatizo hapa, maana Excel inapotafuta kwa `VLOOKUP` haizitofautishi. Tatizo la kwanza lilikuwa viwimbi vya juu ya ũ na ĩ, ambavyo kibodi nyingi hazina, na watu wengi huviacha. La pili lilikuwa ritifaa. Machoni ni kijialama kimoja tu, lakini ndani ya kompyuta zipo zaidi ya moja: ile iliyonyooka ya kibodi, yenye namba U+0027, ile iliyopinda ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, U+2019, na ile ya katalogi, U+02BC, ambayo Unicode inaihesabu kuwa herufi kamili, si alama ya uandishi. Hii ya tatu itarudi kutusumbua.

Kulikuwa na jambo la ajabu zaidi. Mistari miwili ilikuwa na neno `Ngũgĩ` lenye viwimbi vyake vyote, na bado ilikataa kulingana. Nikaandika `=LEN(A2)` kwenye mstari wa kwanza, jibu likawa 5. Kwenye wa pili likawa 7. Herufi ũ inaweza kuhifadhiwa kwa njia mbili: kama herufi moja iliyokamilika, au kama u ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi kinachosimama peke yake na kujibandika juu yake. Kwenye skrini hutaona tofauti yoyote. Ukikuta majina mawili yanayofanana kabisa na yanakataa kulingana, hesabu herufi zake kabla ya kufanya kitu kingine.

Dawa yake ni kutolinganisha majina yenyewe. Unatengeneza safu ya tatu, tuiite ufunguo, ambamo kila jina linavuliwa hadi zibaki herufi tupu. Kwanza unaivunja kila herufi yenye kialama iwe herufi na kialama chake, ili zile njia mbili za kuandika ũ ziwe moja. Kisha unageuza zote kuwa herufi ndogo. Mwisho unabakiza herufi peke yake, na kutupa vialama, ritifaa, koma, nafasi na tarakimu. Kwa Python ni mistari michache:

```python
import unicodedata

def ufunguo(jina):
    jina = unicodedata.normalize("NFKD", jina).casefold()
    return "".join(h for h in jina
                   if unicodedata.category(h) in ("Ll", "Lo"))
```

Majina yetu matatu yote yakatoka `ngugiwathiongo`. Wengi huandika mstari wa mwisho kwa njia fupi, `h.isalpha()`, na hapo ndipo ritifaa ya katalogi inapopenya: kwa kuwa imesajiliwa kama herufi, haitupwi, na jina linabaki `ngugiwathiongʼo`. Alama ya ʿayn katika majina ya Kiarabu yaliyoandikwa kitaalamu kwa herufi za Kirumi huponyoka kwa mlango huohuo. Upo pia upungufu wa upande wa pili. Ile ø ya Jo Nesbø, mwandishi wa Norwei, haivunjiki, kwa sababu Unicode haiihesabu kuwa o yenye kialama. Hiyo lazima uibadilishe kwa mkono, kwa `replace("ø", "o")`.

Jambo moja ninalisisitiza: safu ya majina yenyewe isiguswe. Nimeona watu wakivua majina na kuyahifadhi yakiwa yamevuliwa hivyo, na jina la mtu likaharibika moja kwa moja. Katika Kikuyu kiwimbi si pambo. Herufi ũ hutamkwa karibu na o, na ĩ karibu na e. Ukiviondoa umebadilisha irabu. Ufunguo ni wa kompyuta kutafutia. Kadi ya kitabu inabeba jina kama mwenyewe anavyoliandika.

Hasara nyingine ya kuvua inatuhusu sisi tunaoandika Kiswahili kuliko wengi. Kwetu ritifaa hutenganisha sauti: ngoa si ng'oa. Kwenye majina ni vivyo hivyo. Wapo watu wa ukoo wa Ngoma, na wapo wa ukoo wa Ng'oma, na ufunguo wao ni mmoja, `ngoma`. Tarakimu nazo tumezitupa, na huenda mwaka wa kuzaliwa ndio pekee uliokuwa ukiwatenganisha waandishi wawili wenye jina moja. Kwa hiyo funguo zikilingana hujapata jibu, umepata mtu wa kuulizia. Tulichofanya ni kuorodhesha kila ufunguo uliobeba maandishi zaidi ya moja, majina kamili yakiwa kando kwa kando, mkutubi akapita mstari kwa mstari. Nje ya orodha hiyo, kwenye `micheregithaemugo`, alisita. Vitabu viliandika Micere Githae Mugo bila h, mtu fulani alikuwa ameiongeza, na kwa hiyo jina lile lilikuwa limebaki peke yake bila mwenzake. Kosa la herufi halivuliwi.

Mpangilio wa majina nao hauvuliwi. Msenegali Sembène Ousmane anaandikwa hivyo kwenye vitabu vingi vya Kifaransa, na Ousmane Sembène kwingine. Kwa wale waliobaki bila mwenza tulitengeneza ufunguo wa pili: kuligawa jina kwenye nafasi na koma, kuvua kila neno, kisha kuyapanga maneno kwa alfabeti kabla ya kuyaunganisha. Wote wawili wakawa `ousmanesembene`. Sikuutumia ufunguo huu tangu mwanzo kwa sababu unaunganisha kwa urahisi mno: Juma Hamisi na Hamisi Juma wanakuwa mtu mmoja, na Afrika Mashariki hao mara nyingi ni watu wawili, pengine baba na mwana.

Jioni yalibaki majina machache, na mojawapo ni James Ngugi.

"Kaka, huyu ni yuleyule," mkutubi akasema.

Ni kweli. Riwaya ya kwanza ya Ngũgĩ, ya mwaka 1964, ilitoka kwa jina hilo, kabla hajaliacha. Hakuna kanuni ya herufi inayoweza kulijua hilo. Mkutubi akafungua jedwali jipya lenye safu mbili, jina lililo kwenye jalada na jina tunalolitumia, akaandika mstari wa kwanza kwa mkono. Kiwimbi cha ũ na cha ĩ alivinakili kutoka orodha ya zamani, kibodi yake haikuwa navyo.